Pipa la petroli likiwa tupu ndio hatari zaidi: soma kabla hujampelekea fundi

Wakuu, wengi humu tunauza majiko ya mapipa, na oda ikiingia tunatafuta pipa la lita 200 na kulipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Hapa Lamadi mapipa mengi yaliyobaki mtaani yamebeba petroli, dizeli au oili. Muuzaji anakwambia "ni tupu kabisa". Ngoja nikuonyeshe utupu huo una nini ndani.

Petroli ya maji haiungui, kinachoungua ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mchanganyiko huo hushika moto mvuke ukifika kama asilimia 1.4 hadi 7.6. Pipa lililojaa halina nafasi ya hewa. Ukilimwaga, hewa inaingia na mafuta kidogo yanabaki kwenye maungio ya chini na kwenye kutu. Asilimia 1.4 ya lita 200 ni lita 2.8 za mvuke, na kuzipata inatosha petroli ya kijiko kimoja tu cha chakula. Cheche moja ya grainda au moto wa gesi, na pipa linapasuka, mfuniko unaruka kama risasi.

Kuacha pipa wazi juani siku mbili hakutoshi, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini. Ndio huo huo uliosambaa ardhini Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Kusuuza na maji baridi nako hakuondoi mafuta. Pua pia usiiamini, inazoea harufu haraka.

Dizeli na oili zinadanganya zaidi kwa sababu hazinuki sana wala hazitoi mvuke mwingi zikiwa baridi. Lakini fundi akipasha bati, mabaki yanageuka mvuke papo hapo, moto ukiwa tayari upo.

Kwa hiyo nunua pipa lililobeba vitu visivyowaka. Ukilazimika kutumia la mafuta, limwage lote, lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga zaidi ya mara moja, ukilitikisa. Kisha lisimamishe, lijaze maji hadi vidole viwili chini ya mahali pa kukata, vizibo vyote vikiwa wazi. Maji yanachukua nafasi ya mvuke. Fundi akishatoa mfuniko wa juu, sugua ndani tena ndipo kazi nyingine iendelee.

Tangi la gari au la lori usijaribu njia hii, lina vyumba vya ndani ambavyo maji hayafiki vizuri. Hilo ni la karakana yenye mashine ya mvuke na kifaa cha kupima gesi.

Na ukiuza mapipa matupu mtandaoni, andika kwenye tangazo: "Lilibeba petroli." Mnunuzi wako anaweza kuwa anapeleka kwa fundi leo hii.