Jinsi ya kuandika video ya kuwaeleza watumiaji mabadiliko ya programu ya simu

MTU aliyezoea programu fulani ya simu haisomi tena. Kidole chake kinajua njia, na macho yake hufuata nyuma. Ndiyo maana kampuni inapohamisha kitufe kimoja tu, mteja wa miaka mitatu hutatizika kuliko yule aliyejiunga jana.

Anapokuta ukurasa usio wake, wazo la kwanza si kwamba programu imeboreshwa. Hudhani ameingiliwa na matapeli, hasa ikiwa ni programu inayoshika pesa zake.

Kampuni nyingi siku hizi hutoa video fupi kueleza mabadiliko hayo. Kasoro yake aghalabu haiko kwenye picha wala sauti, bali kwenye mswada, yaani maandishi yanayosomwa na msimulizi. Mwandishi hupokea orodha ya kazi kutoka kwa mafundi, naye huisoma yote kuanzia juu hadi chini.

Mathalani, chukulia chama cha akiba na mikopo ambacho kimefanyia marekebisho programu yake. Mafundi wameleta orodha ya mambo 11. Kitufe cha Tuma Pesa kimehamishwa kutoka juu ya ukurasa wa kwanza hadi sehemu mpya iitwayo Malipo. Jina la mpokeaji sasa huonyeshwa kabla pesa hazijatoka. Taarifa ya akaunti imerefushwa kutoka miezi mitatu hadi 12. Rangi zimebadilika, mtu anaweza kuingia kwa alama ya kidole, na yaliyobaki ni hitilafu ndogo zilizorekebishwa.

Mswada wa kwanza huanza hivi: "Tunayo furaha kuwatangazia toleo jipya lenye mwonekano wa kisasa, kasi zaidi na huduma nyingi za kuvutia." Sekunde 10 zimekwisha na mwanachama hajaambiwa lolote analoweza kulitumia.

Njia ya kuchuja orodha hiyo ni kuuliza swali moja kwa kila jambo: je, mtu akifanya leo alichofanya jana, atakwama? Alama ya kidole haimkwamishi yeyote, kwani asiyeitaka ataendelea na nambari yake ya siri. Taarifa ya miezi 12 ni zawadi, na zawadi husubiri. Hitilafu zilizorekebishwa ni habari kwa yule tu aliyezikuta.

Yanayobaki ni mawili, kitufe kilichohama na hatua mpya ya kuthibitisha jina. Kwa kuwa yote yako katika safari moja ya kutuma pesa, yanaingia katika video moja. Mengine tisa yaandikwe kwenye ukurasa wa maelezo ndani ya programu, ambako anayeyahitaji atayapata.

Mswada wenyewe basi unaweza kuwa huu:

"Mwanachama, kitufe cha Tuma Pesa kimehama. Zamani kilikuwa juu ya ukurasa wa kwanza. Sasa kiko chini, kwenye Malipo. Bonyeza Malipo, kisha Tuma Pesa. Andika nambari na kiasi kama kawaida. Kabla pesa hazijaondoka, utaona jina la mpokeaji. Likiwa si lake, bonyeza Ghairi; hakuna kitakachokatwa. Tumeongeza hatua hii kwa sababu wanachama wametueleza kuhusu pesa zilizomfikia mtu asiyekusudiwa. Akiba yako, mikopo yako na nambari yako ya siri havijabadilika. Hatutakupigia simu kuuliza nambari hiyo. Ikiwa bado unaona kitufe mahali pake pa zamani, mabadiliko hayajakufikia. Endelea kama kawaida."

Hayo ni maneno yasiyozidi 90. Yakisomwa polepole, na msimulizi akinyamaza kidogo kila kidole kinapobonyeza, video haitapita dakika moja kwa mbali. Kipimo cha kweli ni kuyasoma kwa sauti ukitazama saa, kwa maana maneno ya Kiswahili huwa marefu na hesabu za miswada ya Kiingereza hazifai hapa.

Mpangilio wake una sababu. Mahali pa zamani hutajwa kabla ya mahali papya, kwa kuwa ndipo kidole cha mtazamaji kilipo. Picha nayo ionyeshe ukurasa wa zamani kwa sekunde mbili, kisha ule mpya.

Sababu ya mabadiliko imepewa sentensi moja, tena baada ya maelekezo, kwa kuwa mtu aliyekwama hataki historia. Lakini sharti iwe sababu inayomhusu mwanachama. Kusema "ili kuboresha huduma" ni sawa na kunyamaza. Na kama chama kimeongeza ada, mswada uitaje ada hiyo kwa shilingi, la sivyo wanachama wataigundua wenyewe na hawataiamini video inayofuata.

Sentensi inayotaja yasiyobadilika ndiyo waandishi wengi huiacha, na gharama ya kuiacha ilionekana mwaka 2021. Mwezi Januari mwaka huo, WhatsApp iliwatumia watumiaji wake ilani ikiwataka wakubali masharti mapya kufikia Februari 8. Mabadiliko hayo yalihusu zaidi mawasiliano kati ya wateja na biashara. Ujumbe wa marafiki na jamaa ulibaki umefungwa kwa usimbaji kama zamani.

Hata hivyo, ilani haikuanza na jambo hilo. Watu wengi walielewa kwamba Facebook ingesoma mazungumzo yao, na wakakimbilia Signal na Telegram. Kampuni ililazimika kueleza upya na kuahirisha tarehe hiyo hadi Mei 15.

Sentensi ya mwisho ya mswada nayo hutokana na jinsi programu zinavyosambazwa. Google Play humruhusu mwenye programu kuanza na asilimia ndogo ya watumiaji na kuiongeza kidogo kidogo, nalo duka la Apple lina utaratibu wa kusambaza kwa siku saba. Video ikitoka siku ya kwanza, wengi wataitazama na kutafuta kitufe ambacho bado hawana. Asiyeonywa atapiga simu ofisini, au atapakua programu bandia aliyotumiwa na mtu asiyemjua.

Kwa sababu hiyo, ni vyema video ionyeshwe ndani ya programu yenyewe, kwa aliyekwisha kupata toleo jipya. Iwe na maandishi chini ya picha pia, kwa kuwa wengi huitazama sauti ikiwa imezimwa, ndani ya matatu au kazini. Picha zichukuliwe kwenye simu ya kawaida yenye kioo kidogo, kwa akaunti ya majaribio, isije ikaonyesha salio la mtu.

Kabla ya kurekodi, mswada hujaribiwa kwa watu watano hivi wanaoitumia programu lakini hawajaona toleo jipya. Kila mmoja husomewa mara moja tu, kisha hupewa simu na kuombwa atume shilingi 50. Mwandishi hatakiwi kuuliza kama wameelewa, kwani watajibu ndiyo kwa heshima. Atazame kidole kinaenda wapi kwanza. Kikienda juu, mahali pa zamani, sentensi za mwanzo ziandikwe upya. Anayefika kwenye jina la mpokeaji na kulipita bila kulisoma anaonyesha kwamba msimulizi alipita hapo kwa haraka mno.