Kwa Nini Uga wa Umeme Hupungua Ndani ya Gololi

Gololi ya kioo ikiwekwa kati ya sahani mbili pana za chuma zenye umeme, elektroni zake hazitiririki kama kwenye waya. Kila moja husogea kidogo mno kuelekea sahani chanya, ikibaki kwenye atomu yake.

Ndani ya gololi chaji hufutana. Usoni hazina za kuzifuta: upande mmoja hubaki hasi, wa pili chanya. Hukolea kwenye ncha zinazotazama sahani, na kwenye mkanda wa katikati huwa sifuri.

Chaji hizo zilizofungwa huunda uga unaopinga ule wa nje. Kwa kioo chenye kigezo cha dielektriki 5, uga wa volti 7,000 kwa mita hupingwa na 4,000. Ndani hubaki 3,000. Bamba bapa la kioo hichohicho, likitazama sahani, lingebakiza 1,400 tu.