Paa, Jua na Mazao Mawili ya Vekta

Adhuhuri ya mwezi Desemba, fimbo ya mita moja iliyosimamishwa wima uwanjani Dar es Salaam hutupa kivuli cha sentimita 30 hivi, nacho hulala upande wa kaskazini. Njoo mwezi Juni, fimbo ileile, adhuhuri ileile: kivuli kimefika sentimita 58 na kimegeukia kusini. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua katika safari yake ya mwaka hulivuka jiji hilo mara mbili, likienda kaskazini na likirudi kusini.

Mwenye nyumba anayetaka kufunga paneli za sola ana swali lililo wazi. Paa lake lina pande mbili. Upande upi ufungwe paneli? Jibu linapatikana kwa futi kamba, fimbo, kalamu na njia mbili za kuzidisha vekta.

Vekta ni mshale: una urefu na una mwelekeo. Katika nafasi ya vipimo vitatu mshale huandikwa kwa namba tatu. Kwa nyumba hii namba ya kwanza iwe mita kuelekea mashariki, ya pili mita kuelekea kaskazini, na ya tatu mita kwenda juu. Magharibi, kusini na chini zitabeba alama ya kutoa.

Tuseme fundi amesimama kwenye kona ya chini ya upande mmoja wa paa. Akifuata upenu hadi kona nyingine atakuwa amekwenda mita 4 mashariki na mita 2 kaskazini bila kupanda hata kidogo, kwa maana upenu umelala sawa. Mshale huo ni a = (4, 2, 0). Akirudi kwenye kona yake na kufuata ukingo wa bati kwenda kileleni, atakwenda mita 1 magharibi, mita 2 kaskazini, na atapanda mita 1. Huo ni b = (-1, 2, 1).

Kabla ya jua, kuna swali la fundi mwenyewe: je, kona ile ni mraba? Sakafuni mafundi hupima 3, 4, 5 na kazi ikaisha. Juu ya paa lililoinama na kukaa kishazari, zao la nukta linatoa jibu moja kwa moja. Namba za kwanza huzidishwa pamoja, za pili pamoja, za tatu pamoja, kisha matokeo hujumlishwa:

a·b = 4×(-1) + 2×2 + 0×1 = -4 + 4 + 0 = 0

Sifuri ina maana kwamba mishale miwili inakutana kwa pembe ya nyuzi 90. Kona ni mraba.

Sababu yake inaonekana ukifikiria kivuli. Zao la nukta hupima kiasi ambacho mshale mmoja unalala juu ya mwingine: chukua urefu wa a, uzidishe kwa urefu wa kivuli ambacho b inakitupa juu ya mstari wa a. Mishale ikielekea upande mmoja, jibu ni chanya. Ikielekea kinyume, ni hasi. Ikisimama mraba, kivuli hakipo na jibu ni sifuri. Jibu lenyewe ni namba tupu isiyo na mwelekeo, na mwanafunzi aliyeandika mabano yenye namba tatu kama jibu la zao la nukta ajue papo hapo kwamba amepotea njia.

Sasa tuseme fundi alipima vibaya, au kenchi zilikaa vibaya, na b ikawa (-1, 2.2, 1). Zao la nukta linakuwa 0.4. Ukigawanya kwa urefu wa upenu, ambao ni kipeuo cha pili cha 20, yaani mita 4.47, unapata mita 0.09. Ukingo wa bati umeserereka sentimita 9 kufuata upenu badala ya kupanda mraba. Hilo ni kosa ambalo jicho la mtu aliyesimama chini laweza kulikosa, lakini safu ya paneli italionyesha.

Zao la pili, la msalaba, ni la namna nyingine kabisa. Linachukua mishale miwili na kuzaa mshale wa tatu, unaosimama mraba juu ya yote miwili. Kwa paa letu huo ndio mshale unaochomoza kutoka kwenye bati kama msumari uliopigwa kutoka ndani. Kila namba yake hupatikana kwa kuziacha namba za nafasi hiyo na kuzidisha kwa mtambuko zile zilizobaki:

a×b = (2×1 - 0×2, 0×(-1) - 4×1, 4×2 - 2×(-1)) = (2, -4, 10)

Mshale huu unaelekea juu, ukiinama kusini na kidogo mashariki. Huko ndiko upande huu wa paa unakotazama. Urefu wake nao una habari: kipeuo cha pili cha 4 + 16 + 100, yaani cha 120, ambacho ni 10.95, ndicho eneo la bati kwa mita za mraba. Hata ile 10 ya mwisho ina maana yake. Jua likiwa la utosi kabisa, upande huu wa paa hutupa chini kivuli cha mita 10 za mraba kamili. Namba tatu za zao la msalaba ni maeneo ya vivuli vitatu: 10 ni cha sakafuni, 4 ni cha ukuta unaotazama kusini, 2 ni cha ukuta unaotazama mashariki. Vitabu vingi vya shule hulipita jambo hili bila kulitaja, na ni hasara, maana ndilo linalozipa uhai namba ambazo mwanafunzi huzikariri kama kanuni.

Alama hizi mbili, nukta na msalaba, zilipata nafasi yake kwa kazi ya Josiah Willard Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyechapisha maelezo ya somo hilo kwa wanafunzi wake mwaka 1881. Kabla yake, mwaka 1843, William Rowan Hamilton wa Dublin alikuwa amebuni namna moja ya kuzidisha ambayo ndani yake mazao yote mawili yalikuwa yamefungwa pamoja. Gibbs aliyatenganisha.

Kosa la kawaida katika zao la msalaba liko kwenye namba ya katikati, ambako alama hugeuka kirahisi. Mtu akiandika (2, 4, 10), atalitambua kosa vipi? Kwa zao la nukta. Jibu la kweli lazima lisimame mraba juu ya a na juu ya b, basi mazao yote mawili ya nukta yawe sifuri. Jibu sahihi linapita: 8 - 8 + 0 = 0 kwa a, na -2 - 8 + 10 = 0 kwa b. Jibu bovu linaanguka mara moja: kwa a linatoa 8 + 8 = 16.

Lakini kupima kwa mshale mmoja hakutoshi. Mwingine akikosea hesabu ya mwisho na kupata (2, -4, 9), jaribio la a litampa sifuri na atafurahi bure. Upenu hauna kupanda, namba yake ya tatu ni 0, kwa hiyo a haioni kabisa kosa lililo kwenye namba ya tatu. Ni b inayolifichua: -2 - 8 + 9 = -1.

Kuna makosa mawili ambayo hata majaribio yote mawili huyaachia yapite. La kwanza ni la ukubwa. Mtu aliyepata (1, -2, 5), nusu ya jibu la kweli, atapata sifuri pande zote. Hapo dawa ni urefu: mraba wa zao la msalaba ukijumlishwa na mraba wa zao la nukta lazima ulingane na miraba ya urefu wa mishale miwili ikizidishwa pamoja. Kwetu, 120 + 0 = 20 × 6. Nusu ya jibu ingetoa 30, na kosa lingeonekana.

La pili ni la mwelekeo, na upande wa pili wa paa unalionyesha vizuri. Nao umeinama vilevile, ila ukingo wake hupanda kutoka upande mwingine: c = (1, -2, 1). Ukizidisha a×c unapata (2, -4, -10). Namba ya tatu ni hasi. Msumari huu umeingia darini badala ya kutoka nje. Zao la msalaba hugeuka kinyume mpangilio wa mishale ukigeuzwa, hivyo c×a ndilo linalotakiwa: (-2, 4, 10). Kwa paa lolote, namba ya tatu lazima iwe chanya, na kuitazama huchukua sekunde moja.

Sasa jua. Fimbo ya Desemba inatoa mwelekeo wake: kutoka ncha ya kivuli hadi ncha ya fimbo ni (0, -0.3, 1), urefu 1.044. Zao la nukta na msumari wa upande wa kusini ni 1.2 + 10 = 11.2. Ukigawanya kwa 1.044 unapata mita 10.7 za mraba. Hilo ndilo eneo la jua ambalo upande huo unalikamata, na halizidi 10.95, kama inavyopaswa: kivuli cha mshale hakiwezi kuwa kirefu kuliko mshale wenyewe. Lingezidi, hesabu ingekuwa na kosa. Mwezi Juni mwelekeo ni (0, 0.58, 1), urefu 1.156, na upande huohuo unakamata mita 6.6 tu za mraba.

Upande unaotazama kaskazini, kwa hesabu ileile, hukamata 8.4 mwezi Desemba na 10.7 mwezi Juni. Kwa kuwa adhuhuri ya Dar es Salaam jua hukaa upande wa kaskazini kwa takriban miezi 7, tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba, paneli za nyumba hii zifungwe kaskazini. Hesabu hii ni ya adhuhuri peke yake, tena isiyo na mawingu wala mwembe wa jirani. Kwa siku nzima mwenye nyumba arudie kupima kivuli kila saa.

Akifanya hivyo jioni moja ya mwishoni mwa Septemba, jua likishuka likiwa magharibi hasa, atafika dakika ambapo kivuli cha fimbo kina mita 5 kuelekea mashariki. Mwelekeo wa jua ni (-5, 0, 1). Upande wa kaskazini bado unapata 10 + 0 + 10, chanya. Upande wa kusini unapata -10 + 0 + 10. Ni sifuri: mwanga unateleza sambamba na bati bila kuligusa, na dakika chache baadaye namba inakuwa hasi, upande huo ukiwa tayari gizani huku wa pili ungali unameta.