Muundi Ukiuma: Lini Upumzike, Lini Uende Hospitali

Mtu akianza kukimbia, moyo na mapafu yake huzoea mapema. Kufikia wiki ya tatu au ya nne anaweza kuongea na mwenzake katika mwendo uliokuwa ukimkata pumzi siku ya kwanza, na hapo hujiona yuko tayari kuongeza. Mifupa ya miguu yake haijafika huko. Pengo hilo, la pumzi iliyotangulia na mfupa uliobaki nyuma, ndilo chanzo cha maumivu ya muundi ninayoyaona mara nyingi zaidi kwa wakimbiaji wapya.

Nitumie mfano wa mwanamke mmoja wa miaka 34, karani wa hesabu jijini Dar es Salaam, aliyejiunga na klabu ya jogging mwanzoni mwa Novemba. Lengo lake lilikuwa kilomita 21 za mbio za Kilimanjaro kule Moshi, ambazo kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Februari. Wiki ya kwanza alikimbia kilomita 9 kwa jumla, ya pili 12, ya tatu 14. Wiki ya nne klabu ikaandaa mbio ndefu ya Jumamosi kupitia Daraja la Tanzanite, akawafuata wenzake kilomita 12 kwa mkupuo. Kabla ya hapo hakuwahi kupita kilomita 5 kwa siku moja. Baada ya mbio kukawa na mazoezi ya kurukaruka uwanjani, kama klabu nyingi zinavyofanya. Jumanne iliyofuata miundi yote miwili ilikuwa inamuuma, upande wa ndani, kuanzia juu kidogo ya kifundo cha mguu.

Alikuja na swali kuhusu raba. Wengi huja na swali hilo, na muuza raba atakuwa na jibu tayari. Mimi nilimwomba kwanza anionyeshe kilomita zake kwenye simu, kwa sababu katika maumivu haya kalenda hueleza mengi kuliko soli. Kila mguu unapotua wakati wa kukimbia, mwili huukandamiza kwa nguvu inayofika mara mbili hadi tatu ya uzito wa mtu. Katika kilomita 12 kila mguu wake ulitua zaidi ya mara 6,000. Kila mara mfupa wa muundi hupinda kidogo sana, na misuli ya kigimbi huuvuta utando unaoufunika.

Mfupa uliozidiwa na kazi hujijenga upya, lakini hufuata mpangilio wa mafundi wa barabara: kwanza kuchimbua lami iliyochoka, kisha kumwaga mpya. Seli zinazochimbua humaliza kazi yao katika wiki chache. Zile zinazojaza huhitaji miezi kama mitatu mpaka mfupa mpya ukomae. Kwa hiyo kuna kipindi, takribani kati ya wiki ya tatu na ya tano ya mazoezi mapya, ambapo mfupa unaoelekea kuwa imara huwa dhaifu kwa muda. Mgonjwa wangu aliongeza mbio yake ndefu zaidi ya mara mbili ndani ya kipindi hichohicho. Madaktari wa jeshi wameyajua maumivu ya namna hii kwa muda mrefu. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika kuhusu askari waliovimba na kuumwa nyayo baada ya kutembea safari ndefu za kijeshi.

Wakimbiaji wengi wamesikia kanuni ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki. Si kanuni mbaya, ila imebebeshwa imani kupita uwezo wake. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliwagawa mamia ya wakimbiaji wapya katika makundi mawili, moja likiongeza polepole kwa kanuni hiyo na jingine likifuata ratiba ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba katika kila kundi karibu mtu mmoja kati ya watano aliumia. Mwaka 2025 ukachapishwa utafiti wa wakimbiaji zaidi ya 5,000, uliogundua kwamba hatari hupanda hasa pale mbio ya siku moja inapoizidi kwa zaidi ya asilimia 10 ile ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita. Kwa mkimbiaji mpya hilo ni jambo jepesi kulifuata: jumla ya wiki iangalie, lakini mbio ya Jumamosi ndiyo uichunge zaidi. Kama ndefu yako ya mwezi huu ni kilomita 5, inayofuata iwe 5 na nusu, hata kama klabu nzima inaelekea 12. Na kurukaruka kwa dakika ishirini ni mzigo kwa muundi, ingawa simu haihesabu kilomita hata moja.

Baada ya kalenda nikamwomba alale kitandani na kulegeza mguu. Kipimo kinachofuata hata msomaji anaweza kukifanya nyumbani. Tafuta ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi, pale ambapo mfupa unakutana na nyama ya kigimbi. Anza juu ya kifundo, bonyeza kwa ncha ya kidole, panda kidogo kidogo kuelekea goti, na uweke alama ya kalamu pale maumivu yanapoanza na pale yanapokoma. Kwake umbali kati ya alama mbili ulikuwa sentimita 9. Eneo refu namna hiyo, la sentimita 5 au zaidi, likiwa theluthi ya chini au katikati ya mfupa, ndilo sura ya maumivu ya kando ya muundi. Maelezo yake yaliafikiana na kidole: maumivu yalianza mwanzoni mwa mbio, yakapungua mwili ulipopata joto, yakarudi jioni. Usiku alilala vizuri. Kutembea kwenda kituo cha daladala hakukumsumbua.

Sikumwandikia eksirei. Nilimsimamisha mbio mpaka aweze kutembea haraka kwa nusu saa bila maumivu, jambo lililochukua takriban wiki mbili, na katika muda huo aliendesha baiskeli ili pumzi isipotee. Barafu na dawa ya maumivu humpa mtu nafuu ya siku moja mbili; haviharakishi mfupa, na dawa inayomezwa ili mtu aweze kukimbia ni hatari, kwa sababu huzima taarifa pekee tunayoitegemea. Nilimpa zoezi moja: kusimama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, kupanda juu ya vidole na kushuka taratibu, mara 12 hadi 15, mizunguko mitatu, siku moja ndiyo na moja hapana. Alilifanya goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa kidogo, maana misuli ya ndani zaidi ya kigimbi hufanya kazi zaidi goti likikunjwa.

Alirudi kukimbia kwa dakika, kilomita zikisubiri. Dakika moja kukimbia na mbili kutembea, akirudia mara kumi, kisha siku nzima bila kukimbia. Kama maumivu hayakuzidi mbili kati ya kumi, na asubuhi iliyofuata muundi haukuwa mbaya kuliko jana, aliongeza dakika ya kukimbia na kupunguza ya kutembea. Yakizidi hapo, alirudi hatua moja nyuma. Kasi tuliiacha mpaka mwisho. Nilimshauri pia afupishe hatua ili mguu utue karibu na mwili, badala ya kuurusha mbali mbele. Hatua fupi na za mara kwa mara hupunguza mzigo wa kila kutua.

Sasa tuchukue kwamba mtu huyohuyo asingepumzika, akameza diklofenaki kila Jumamosi na kuendelea. Maumivu yangeweza kubadilika tabia, na mabadiliko hayo ndiyo ninayotaka kila mkimbiaji ayatambue. Eneo linaloumwa hujikusanya. Badala ya sentimita 9, mgonjwa huonyesha kwa kidole kimoja, na ukipabonyeza anashtuka. Maumivu hayapungui tena mwili ukipata joto. Yanazidi kadiri anavyokimbia, na kila mbio huanza mapema kuliko iliyopita. Baadaye yanamfuata kwenye kutembea, kisha kitandani usiku. Mara nyingi ni mguu mmoja tu. Hapo tunashuku ufa wa mfupa, ufa mwembamba uliojitokeza bila mtu kuanguka wala kugongwa. Usijipime kwa kuruka kwa mguu huo ili uone kama utavumilia. Acha kukimbia siku hiyohiyo.

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotezwa na eksirei. Katika wiki mbili tatu za kwanza, na wakati mwingine zaidi, picha huweza kutoka safi kabisa ilhali ufa upo, kwa kuwa eksirei huonyesha vizuri zaidi mfupa mpya unaoota kuuzunguka. Mtu anaambiwa hana kitu, anarudi barabarani. Kipimo cha MRI huuona mapema, hata kabla mfupa haujapasuka, lakini ni ghali na hakipo kila mkoa. Msimamo wangu ni kwamba asiye na uwezo wa MRI, kama ana dalili hizo, atibiwe kama mwenye ufa: asikimbie, apewe magongo kama kutembea kunauma, na eksirei irudiwe baada ya wiki mbili au tatu.

Ufa ulio ukingo wa ndani wa muundi kwa kawaida hupona kwa kuacha kukimbia wiki 6 hadi 12. Ulio upande wa mbele, katikati ya mfupa, pale unapojigonga kwenye meza, ni habari nyingine. Sehemu hiyo huvutwa kila mguu unapotua, hupona polepole sana, na mfupa waweza kuvunjika kabisa. Maumivu ya nukta moja hapo yanahitaji daktari bingwa wa mifupa bila kuchelewa.

Kwa mwanamke, nauliza pia kuhusu hedhi. Wengi huanza kukimbia ili wapunguze uzito, na wiki hiyohiyo wanaacha ugali na wali. Mwili uliokosa chakula cha kutosha kwa kazi inayofanywa huweza kusimamisha hedhi, na mfupa hukosa homoni na malighafi za kujijenga. Aliyekosa hedhi miezi mitatu mfululizo bila ujauzito, kisha muundi ukamuuma nukta moja, asisubiri. Na kigimbi kilichovimba, chenye joto upande mmoja, kiende hospitali leo, kwani huenda ni damu iliyoganda.

Karani wetu hakuwa na dalili yoyote kati ya hizo. Hadi katikati ya Januari alikuwa akikimbia dakika 20 mfululizo bila maumivu, na zilikuwa zimebaki takriban wiki sita. Aliniuliza kama angeweza bado kwenda Moshi. Nilimwambia aende, ila abadilishe usajili wake kutoka kilomita 21 hadi 5, na hizo 21 aziweke mwaka unaofuata.