Je, Wajua? Faharasa ya biti hufaa safu yenye thamani chache

Mkoa wa Ruvuma una wilaya 5: Songea, Mbinga, Tunduru, Namtumbo na Nyasa. Tuseme kanzidata ina mistari 1,000,000 ya mauzo ya kahawa ya mkoa huo. Faharasa ya biti huipa kila wilaya mfuatano wake wa biti, na kila mstari wa mauzo hupata 1 kama ni wa wilaya hiyo, au 0 kama si wake. Mfuatano mmoja ni baiti 125,000 tu. Wilaya zote 5 ni baiti 625,000. Safu ya daraja nayo ikiwa na faharasa kama hiyo, ukiuliza kahawa ya Mbinga ya daraja AA, kompyuta hulinganisha mifuatano miwili:

```
Mbinga  1 0 1 1
AA      1 1 0 1
AND     1 0 0 1
```

Kuhesabu mauzo hayo ni kuhesabu 1 zilizobaki, bila hata kuligusa jedwali.

Mtu atauliza: mbona tusiifanyie hivyo namba ya mkulima? Wakulima 200,000 wangehitaji baiti bilioni 25. Kweli, ukandamizaji hupunguza mzigo huo mno, kwa kuwa karibu biti zote ni 0. Lakini mkulima mmoja ana mistari michache, na faharasa ya mti huifikia upesi vilevile. Naona kasoro kubwa zaidi iko kwenye uandishi. Katika Oracle, kubadili mstari mmoja hufunga kipande cha mfuatano kinachobeba mistari mingi, hivyo makarani wanaoingiza mizigo kwa pamoja hungojeana. Kwa hiyo faharasa ya biti iwekwe kwenye nakala ya uchambuzi inayojazwa usiku kwa mkupuo.