Naomba Hadi Jumatatu Saa Sita

Tumchukue mhasibu wa Dar es Salaam aliyefanya usaili na kurudi nyumbani kusubiri. Alhamisi saa kumi na dakika ishirini alasiri inaingia baruapepe: amepata kazi ya mhasibu mwandamizi, kituo chake Arusha, kipindi cha majaribio miezi sita. Mshahara umetajwa. Mstari wa mwisho unasema ofa itakoma kesho Ijumaa saa kumi jioni. Kampuni nyingine iliyomsaili imemwahidi majibu Jumatatu. Ana mume mwenye kazi yake mjini na watoto wawili walio katikati ya muhula.

Hapo watu wengi hukosea kwa njia mbili. Wapo wanaokubali usiku uleule moyo ukiwa haujatulia, kisha wiki ya pili wanapiga simu kujitoa. Wengine hukaa kimya wakidhani mwajiri aliyewapenda hawezi kuwaacha kwa sababu ya siku moja. Mwajiri anaweza kabisa, na ana sababu.

Nyuma ya kila aliyepewa ofa kuna aliyeshika nafasi ya pili. Huyo bado hajaambiwa kwamba amekosa, na afisa rasilimaliwatu anajua kwamba naye anatafuta kwingine. Kila siku ambayo wa kwanza anafikiri, wa pili anaweza kuchukuliwa, na usaili mzima uanze upya. Hofu hiyo ikienea katika soko la ajira, muda wa kujibu hupungua mwaka hadi mwaka. Mfano unaojulikana sana ni wa hospitali za Marekani zilizokuwa zikigombea madaktari wanafunzi. Mwaka 1945 zilikubaliana kuwapa wahitimu siku kumi za kufikiria. Mwaka uliofuata zikawa nane. Ilipofika 1949, hata pendekezo la saa 12 lilikataliwa kwa kuonekana refu mno. Mambo yalitulia pale ulipoanzishwa mfumo wa pamoja wa kuwapangia madaktari hospitali mwaka 1952, na mchumi Alvin Roth, aliyeandika kwa kina juu ya historia hiyo, ni mmoja wa wawili waliopata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2012.

Kwa hiyo saa 24 zilizoandikwa katika barua ya mhasibu wetu huenda zisiwe dharau wala mtego. Mara nyingi ni woga wa mwajiri, na barua ya kuomba muda hufanikiwa ikiutuliza woga huo.

Kabla ya kuandika, ni vizuri ajue sheria inamweka wapi. Tanzania ina Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyofuata kwa karibu sheria ya India ya mwaka 1872. Kwa sheria hiyo, ofa iliyowekewa muda hufa muda ukipita. Aliyeitoa anaweza pia kuiondoa wakati wowote kabla hujaikubali. Na kukubali lazima kuwe kwa ofa kama ilivyo, bila sharti jipya. Kenya hufuata misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza, na matokeo yake yanafanana.

Kesi mbili za Waingereza zinaonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko maelezo yoyote. Mwaka 1840, katika Hyde dhidi ya Wrench, mtu aliuziwa shamba kwa pauni 1,000. Akataka kutoa 950. Muuzaji akakataa, naye mnunuzi akarudi kusema basi nachukua kwa 1,000. Mahakama ikasema hakuna tena cha kukubali, kwa sababu bei yake mwenyewe iliiua ofa ya kwanza. Miaka arobaini baadaye, katika Stevenson dhidi ya McLean, mnunuzi wa chuma alituma simu ya maandishi kuuliza kama angeweza kupokea mzigo kwa muda wa miezi miwili. Muuzaji hakumjibu, akamuuzia mwingine. Safari hii mahakama ilikuwa upande wa mnunuzi: yeye aliuliza tu, hakuwa ameweka sharti, na ofa ilikuwa bado hai alipoikubali.

Tofauti ya kesi hizo mbili ndiyo inayoamua namna ya kuandika. Mhasibu akiandika, “Nitakubali mkiongeza mshahara na mkinipa wiki moja,” ametoa ofa yake mwenyewe, na ile ya kampuni inaweza kuhesabiwa imekufa. Akiandika, “Naomba kujua kama mnaweza kuniongezea muda,” ameuliza. Ya kampuni inabaki mezani mpaka saa kumi ya Ijumaa. Ndiyo maana habari ya mshahara haifai kuingizwa katika barua hii hata kidogo. Ina siku yake.

Sasa saa zake azitumie vipi? Jioni ileile ya Alhamisi ajibu kwa sentensi mbili tu: ameipokea barua, anashukuru, atawasiliana kesho asubuhi. Jibu hilo dogo linamwondolea afisa wasiwasi wa kwanza, kwamba huenda barua haikufika. Kisha aisome ofa yote, ikiwemo kurasa za bima na majaribio, na aandike kwa kalamu mambo ambayo kweli hayajui. Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi aipigie ile kampuni ya pili na kuuliza kwa adabu kama majibu ya Jumatatu yatatoka asubuhi au jioni. Hatua hii watu huisahau, nayo ndiyo inayompa siku ya kuomba. Kuomba hadi Jumatatu wakati majibu yatatoka Alhamisi ni kupoteza hisani bure.

Tuseme ameambiwa Jumatatu saa nne. Saa tatu na nusu ampigie afisa aliyemwandikia, kwa sababu sauti hubeba heshima ambayo maandishi hayabebi, kisha atume hii:

“Yah: Ofa ya kazi ya Mhasibu Mwandamizi, Arusha

Habari za asubuhi, dada. Asante kwa kunipokea kwenye simu. Nimefurahi kupata ofa hii na kazi naitaka.

Barua inanitaka nijibu leo kabla ya saa kumi jioni. Naomba, kama inawezekana, niongezewe muda hadi Jumatatu saa sita mchana. Kazi hii itaihamisha familia yangu, na ningependa tuzungumze kwa utulivu mwisho wa wiki ili nikisema ndiyo iwe ndiyo. Tarehe ya kuripoti iliyo kwenye barua haitaathirika.

Kama ratiba yenu hairuhusu, naomba unijulishe kabla ya saa nane mchana, ili nikupe jibu langu ndani ya muda mliouweka.”

Ni barua fupi, lakini kila aya ina kazi yake. Ya kwanza inasema kazi anaitaka, jambo ambalo waombaji wengi wa muda huliacha kwa kuona aibu. Ya pili ina siku na saa. “Naomba muda kidogo” humlazimisha afisa kukisia, naye akikisia hukisia vibaya. Kuomba kutoka Ijumaa hadi Jumatatu mchana kunagharimu kampuni saa chache tu za kazi, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili ofisi nyingi zimefungwa. Siku mbili au tatu za kazi ni ombi la kawaida. Wiki nzima huanza kusomeka kama kukataa kwa upole.

Aya ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Inamhakikishia mwajiri kwamba hata akikataa, hatabaki gizani ifikapo saa kumi. Inamlinda pia mwandishi, maana ameonyesha wazi kwamba ofa hakuikataa. Saa nane imewekwa kwa makusudi, ili zibaki saa mbili za kuamua.

Je, aitaje kampuni ya pili? Mwandishi wa makala haya anaona si lazima, ila akiulizwa aseme kweli: “Kuna usaili mmoja niliokwisha kuufanya, majibu yake ni Jumatatu asubuhi.” Maafisa rasilimaliwatu hawashangazwi na hilo. Kinachowaudhi ni ofa ya uongo iliyobuniwa ili kuwatisha, na katika fani ndogo wanajuana na kupigiana simu. Sababu ya familia nayo iwe ya kweli. Mhasibu huyu anahama mkoa, hivyo hana haja ya kutunga chochote.

Baada ya hapo kuna njia tatu. Akikubaliwa kwa simu, atume mara moja mstari mmoja wa kuthibitisha: “Asante kwa kuniongezea muda hadi Jumatatu saa sita mchana.” Asipofanya hivyo, afisa akienda likizo wikiendi hiyo, atakayekalia kiti chake ataona tu tarehe ya zamani. Ajue pia kwamba hata nyongeza hiyo haiifungi kampuni kisheria, kwani ahadi ya kuacha ofa wazi bila malipo yoyote inaweza kuvunjwa. Hivyo akipata uhakika Jumapili jioni, ajibu asubuhi mapema, asingoje saa sita.

Kimya nacho si ruhusa. Saa nane ikipita bila neno, apige simu, na asipopatikana afisa, ifikapo saa tisa awe ameamua kuikubali ofa au kuiacha, na alitume jibu lake kabla ya saa kumi.

Akinyimwa, ana haki ya kuuliza jambo moja zaidi: aonyeshwe mkataba wenyewe kabla ya saa kumi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Kampuni inayokataa muda lakini ikatuma mkataba imetendea haki. Inayokataa vyote viwili imeshamwonyesha mtu namna itakavyomtendea akiwa chini yake. Na kama jibu ni kwamba nafasi itahifadhiwa akituma pesa za “usajili” au “vipimo” leo hii, hiyo si kazi tena. Matapeli wa ajira, zikiwemo zile za Ghuba, hupenda sana muda wa siku moja.

Akisema ndiyo, barua ya kujiuzulu kazini kwake isitoke mpaka mkataba mpya umesainiwa na pande zote mbili. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya Tanzania inataka notisi isiyopungua siku 28, na ya Kenya vilevile. Azihesabu siku hizo kwenye kalenda kabla ya kuahidi tarehe ya kuripoti Arusha.