Mapato si Fedha Mkononi: Uhusiano wa Taarifa Tarajiwa ya Mapato, Mizania Tarajiwa na Makisio ya Mtiririko wa Fedha katika Ushirika wa Kahawa, Mashariki mwa Uganda

Utangulizi

Mashariki mwa Uganda, kahawa ya arabika ya miteremko ya Mlima Elgon hukusanywa na kuuzwa kupitia Mbale, mji ambao Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kilianzishwa mwaka 1954. Katika biashara hii mkulima hutaka kulipwa kahawa inapopimwa kwenye mizani, ilhali mnunuzi mkubwa hulipa baadaye. Muda ulio kati ya malipo hayo mawili ndio unaoamua kama chama kitaendelea kununua katikati ya msimu au kitafunga ghala.

Makala hii inafafanua jinsi taarifa tatu za makisio zinavyouonesha muda huo, na inadai kwamba sehemu ya tatizo ni ya kiistilahi. Neno *mapato* hutumika kwa thamani ya mauzo, na pia kwa fedha zilizopokelewa. Neno *matumizi* nalo hubeba gharama na malipo kwa pamoja. Vyama vingi vilivyozoea "taarifa ya mapato na matumizi" huandika humo fedha zilizoingia na kutoka, kisha huisoma kana kwamba inaonesha faida. Kwa hiyo, katika makala hii *mapato* ni thamani ya kahawa iliyouzwa, iwe imelipwa au la. *Mapokezi* ni fedha zilizoingia. *Gharama* ni thamani iliyotumika kuyapata mapato. Na *malipo* ni fedha zilizotoka.

Mfano wa miezi mitatu

Tuchukue chama cha kubuni karibu na Mbale, kinachomuuzia kahawa mnunuzi mmoja wa Jinja. Viwango vyote ni milioni za shilingi za Uganda. Mwishoni mwa Septemba chama kina fedha 30, zote zikiwa mtaji wa wanachama. Mwanzoni mwa Oktoba kinakopa benki 20 na kununua mtambo wa kumenya kahawa kwa 24, unaotarajiwa kudumu miaka minne. Kila mwezi, kuanzia Oktoba hadi Desemba, kinanunua kahawa ya 20 kwa fedha taslimu, na kulipa 2 za ujira na usafiri pamoja na riba ya 0.4. Kahawa ya mwezi mmoja huuzwa mwezi unaofuata kwa 27, na mnunuzi hulipa baada ya siku 60. Mkopo wenyewe utaanza kurejeshwa Januari.

Taarifa tarajiwa ya mapato inaanza na mauzo mawili, ya Novemba na Desemba, yaani 54. Gharama ya kahawa iliyouzwa ni 40, si 60, kwa kuwa kahawa ya Desemba ingali ghalani. Tukiondoa ujira na usafiri 6, uchakavu wa mtambo 1.5 na riba 1.2, tunapata faida ya 5.3. Kamati itakayosoma ukurasa huu peke yake itaridhika.

Makisio ya mtiririko wa fedha yanasema jambo jingine. Oktoba inafungwa na salio la 3.6. Novemba hakuna mapokezi yoyote, na salio linashuka hadi pengo la 18.8. Desemba pengo linafika 41.2, kwa kuwa mauzo ya Novemba yatalipwa Januari. Chama chenye faida hakina fedha ya kununulia kahawa katika mwezi wa pili wa msimu.

Mizania kama kiungo

Mizania tarajiwa ya mwisho wa Desemba ndiyo inayoeleza tofauti hiyo. Upande wa mali kuna fedha ambazo chama kinamdai mnunuzi, 54. Kahawa ghalani, 20. Na mtambo uliobakiza thamani ya 22.5. Jumla ni 96.5. Upande wa pili kuna mkopo, 20; pengo la fedha linalohitaji kuzibwa, 41.2, na mtaji wa wanachama pamoja na faida, 35.3. Jumla ni ile ile.

Viungo, basi, ni viwili. Faida ya taarifa ya mapato huingia kwenye mtaji, na salio la mwisho la makisio ya fedha huingia kwenye mizania kama lilivyo. Njia kutoka faida hadi fedha hupitia mabadiliko ya mizania:

| Kipengele | Milioni |
|---|---|
| Faida | 5.3 |
| Uchakavu, usiotoa fedha | +1.5 |
| Ongezeko la fedha tunazodai | −54 |
| Ongezeko la kahawa ghalani | −20 |
| Ununuzi wa mtambo | −24 |
| Mkopo uliopokelewa | +20 |
| Badiliko la fedha | −71.2 |

Fedha 30 za mwanzo zikipungua kwa 71.2, tunafika kwenye pengo la 41.2.

Kosa lisiloonekana

Mwandaaji akiuhesabu mkopo kuwa mapato, faida inakuwa 25.3. Ikiwa mkopo umebaki pia kati ya madeni, mizania itatofautiana kwa 20 kamili, na tofauti iliyo sawa na kiasi cha mkopo humwelekeza mkaguzi mahali pa kutazama. Hatari zaidi ni pale mkopo unapoondolewa kwenye madeni kwa hoja kwamba "umeshaingia kwenye mapato". Hapo mizania husawazika vizuri huku deni likiwa limefichika. Mizania iliyosawazika, kwa hiyo, haitoshi kuwa uthibitisho; kila deni sharti lilinganishwe na mkataba wake. Dalili nyingine ya udhaifu ni salio la fedha lililoandikwa ili tu pande mbili zilingane, bila kutoka kwenye makisio ya mwezi kwa mwezi.

Nani abebe muda wa kungoja?

Chukulia kwamba mnunuzi wa Jinja amekubali kulipa baada ya siku 30. Pengo la Desemba linapungua hadi 14.2, lakini lile la Novemba linabaki 18.8. Wanachama wakikubali pia kupokea nusu ya malipo kwenye mizani na nusu nyingine Januari, masalio yanakuwa 13.6, 1.2 na 15.8. Pengo limetoweka, na faida ingali 5.3 ile ile. Kilichobadilika ni mizania: tunazodai zimepungua hadi 27, na sasa chama kinadaiwa 30 na wakulima wake.

Hapa ndipo uamuzi wa kisera unapojitokeza. Mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa anaweza kupeleka kahawa kwa mchuuzi anayelipa papo hapo, na makisio ya kununua ya 20 kila mwezi yakavunjika. Tena salio la Novemba la 1.2 halitoshi hata kulipia ujira na usafiri wa mwezi mmoja. Taarifa ya mapato haiwezi kuonesha lolote kati ya haya.

Hitimisho

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na fomu za mikopo kwa vyama vya wakulima zitazidi kuhitaji istilahi zake. Tunapendekeza fomu hizo zitenge mapato na mapokezi, gharama na malipo, na zidai makisio ya fedha kwa kila mwezi badala ya jumla ya msimu. Katika mfano wetu, jumla ya msimu ingeonesha pengo la mwisho la 41.2 tu na kuacha nje mwezi wa Novemba, ambao ndio chama kinaishiwa fedha.